Picha ya skrini ilisema 31, nakala ya hifadhi ikasema 28: uchambuzi wa kisa kimoja

Usiku wa tarehe 30 Machi 2024, mwombaji mmoja wa ufadhili wa masomo alituma maombi yake kwa barua pepe, akiamini kwamba amebakiwa na siku moja kamili. Tarehe 5 Aprili alijibiwa kwamba maombi yake hayatasomwa, kwa kuwa siku ya mwisho ya kuyapokea ilikuwa 28 Machi. Alipofungua tena ukurasa wa tangazo, kweli alikuta umeandikwa 28. Alikata rufaa na kuambatisha picha ya skrini aliyoipiga kwa simu muda mfupi kabla ya kutuma maombi, na katika picha hiyo ukurasa ulisomeka waziwazi: siku ya mwisho ni 31 Machi.

Taasisi iliyotoa tangazo haikuipuuza rufaa hiyo. Mtumishi wake mmoja alikwenda kwenye Wayback Machine, ile hifadhi ya kurasa za wavuti inayoendeshwa na Internet Archive na iliyo wazi kwa umma tangu mwaka 2001, akatafuta nakala ya ukurasa uleule na kuikuta ya tarehe 29 Machi. Nakala hiyo ilionyesha 28. Aliichapisha, akaipeleka mbele ya kamati ya rufaa na kuongeza sentensi moja kwamba picha ya skrini yeyote anaweza kuighushi, ilhali nakala ya hifadhi imechukuliwa na mtu wa tatu asiye na maslahi katika jambo hili.

Kwa kanuni ya jumla, sentensi hiyo ni sahihi. Katika kisa hiki ilikaribia kumdhulumu mtu aliyekuwa akisema kweli, na kamati iliponiomba nivipitie vielelezo vyote viwili, nilikiri moyoni kwamba hata mimi nilianza nikiwa upande wa nakala ya hifadhi.

Nilianza na picha ya skrini, kwa sababu ndiyo iliyokuwa imeshutumiwa. Kamati ilikuwa na picha iliyotumwa kwa programu ya ujumbe, na picha iliyopita njia hiyo huwa imekwisha kubanwa, imebadilishwa jina na kuvuliwa karibu taarifa zake zote za ndani. Ilionyesha saa ya simu, 20:47, yaani saa mbili na dakika 47 usiku, lakini haikuonyesha tarehe, kwa kuwa simu nyingi huweka saa peke yake juu ya skrini. Sehemu ya anwani ilionyesha jina la tovuti tu, bila njia inayofika kwenye ukurasa wenyewe. Kwa maneno mengine, picha ile ilisema kwamba kuna siku, saa 20:47, skrini fulani ilionyesha maneno haya chini ya jina la tovuti hii.

Tena hata hilo si la kuaminiwa hivihivi. Mbele ya wajumbe nilifungua ukurasa wa taasisi kwenye kompyuta, nikabofya namba ya tarehe kwa kitufe cha kulia, nikachagua kukagua kipengele, nikafuta 28 na kuandika 29. Kazi yote haikufika nusu dakika. Picha niliyopiga baada ya hapo haikuwa na doa lolote: herufi zilikuwa zilezile, rangi zilezile, na anwani ya kweli ya taasisi ilikuwa pale juu. Hakuna mtaalamu wa picha angeweza kuuona uongo huo, kwa sababu picha yenyewe haikuguswa. Ni ukurasa uliobadilishwa ndani ya kivinjari kabla ya picha kupigwa. Hili huwa linasahaulika na wanaodhani kwamba kughushi picha ya skrini ni lazima kuache alama za kukatakata na kubandika.

Nikamwomba mwombaji alete simu yenyewe. Faili asilia lilikuwa bado lipo, kwa jina `Screenshot_20240330-204712.png`, jina ambalo simu hulitunga yenyewe kutokana na saa yake. Jina la faili hubadilishwa na yeyote, na saa ya simu pia inaweza kurudishwa nyuma, kwa hiyo sikulitegemea sana. Kilichokuwa na uzito ni kwamba simu hiyo ilikuwa imewekewa mpangilio wa kuhifadhi picha mtandaoni kila inapopata mtandao, na katika akaunti yake huduma ile ilionyesha kwamba faili lilipokelewa usiku uleule, dakika chache baada ya saa iliyo kwenye picha. Saa hiyo ni ya seva ya huduma, wala si ya simu. Ilithibitisha jambo moja kwa uhakika wa kutosha: picha hii ilikuwepo tarehe 30 Machi, haikutengenezwa baada ya barua ya kukataliwa.

Je, hilo lilitosha? Halikutosha, na hapa ndipo ilinibidi niwe mkali kwa upande niliokuwa nimeanza kuuonea huruma. Kama ukurasa ulikuwa tayari unasema 28 usiku ule, basi mwombaji alikuwa amechelewa kwa siku mbili na alikuwa na sababu ya kutunga picha saa ileile, kabla ya kutuma. Tarehe ya faili huonyesha ni lini picha ilikuwepo, haionyeshi kwamba yaliyomo ndani yake yalikuwa kweli.

Basi nikaenda kwenye nakala ya hifadhi. Anwani ya nakala za Wayback Machine hubeba namba ya tarakimu 14 inayosomeka mwaka, mwezi, siku, saa, dakika na sekunde. Nakala iliyoletwa na taasisi ilikuwa na namba hii:

```
20240329221408
```

Namba hiyo hufuata saa za UTC, yaani saa za pamoja za kimataifa, si saa za mahali alipo msomaji. Mwombaji na taasisi wote wako saa tatu mbele ya UTC, kwa hiyo saa 22:14 ya tarehe 29 kwao ilikuwa tayari tarehe 30 Machi, saa saba na dakika 14 usiku wa manane. Nakala ambayo taasisi iliiita ya tarehe 29 ilikuwa, kwa kalenda yao wenyewe, ya siku ileile ya picha ya skrini, ikiitangulia kwa takriban saa 19 na nusu. Mtu anayebishania siku moja asipofanya hesabu hii anaweza kushinda au kushindwa kwa kosa la kusoma saa tu.

Marekebisho hayo yalizidi kumweka mwombaji pabaya. Sasa tulikuwa na nakala ya hifadhi ya usiku wa kuamkia 30 inayosema 28, na picha ya usiku wa 30 inayosema 31. Ili vyote viwili viwe kweli, ingebidi taasisi iwe imeisogeza tarehe mbele ndani ya siku hiyo, kisha ikairudisha nyuma baadaye, jambo ambalo hakuna aliyeamini.

Lakini tunapofungua nakala ya hifadhi, hatuoni picha ya ukurasa. Hifadhi haikupiga picha, ilikusanya mafaili. Ukurasa wa wavuti ni faili moja kuu linaloita mafaili mengine: picha, mitindo, programu ndogo za JavaScript, na mara nyingi mafaili ya data. Hifadhi hulichukua kila faili kwa wakati wake, na tunapoomba nakala ya saa fulani, huunganisha upya faili kuu la saa hiyo na mafaili mengine yaliyo karibu zaidi na saa hiyo miongoni mwa yale iliyo nayo. Karibu zaidi huweza kuwa dakika mbili, na huweza kuwa miezi minne. Kwa hiyo unaloliona kwenye skrini huenda ni mkusanyiko ambao haukuwahi kuonekana na mtu yeyote siku yoyote.

Ili nione faili kuu bila mapambo ya hifadhi, niliongeza `id_` mara baada ya zile tarakimu 14 kwenye anwani, na nikapata faili kama lilivyotoka kwenye seva ya taasisi. Mahali pa tarehe palikuwa hivi:

```
Siku ya mwisho: <span id="mwisho"></span>
```

Palikuwa patupu. Faili kuu la usiku ule halikutamka 28 wala 31. Tarehe ilikuwa inaletwa na programu ndogo iliyoisoma kutoka kwenye faili jingine la data, lililoitwa `tarehe.json`, kila ukurasa unapofunguliwa. Tangu hapo swali halikuwa tena nakala ya ukurasa ni ya lini, bali faili la tarehe lilihifadhiwa lini.

Jibu hupatikana kwa kuuliza orodha ya kumbukumbu ya hifadhi, ambayo hutoa kila mara faili fulani lilipochukuliwa:

```
https://web.archive.org/cdx/search/cdx?url=ANWANI&from=20240301&to=20240415&fl=timestamp,statuscode,digest
```

Panaposema `ANWANI` niliweka anwani kamili ya faili la tarehe. Ilirudi mistari miwili tu, ambayo naionyesha hapa nikiwa nimefupisha safu ya mwisho:

```
20240320091733 200 K7QD...
20240402050311 200 ZP3M...
```

Safu hiyo ya mwisho ni alama inayokokotolewa kutokana na yaliyomo ndani ya faili. Yaliyomo yakibadilika hata kwa herufi moja, alama hubadilika. Faili lilichukuliwa 20 Machi na 2 Aprili, na kati ya siku hizo mbili yaliyomo yalibadilika. Usiku wa kuamkia 30 Machi halikuchukuliwa kabisa. Sasa hesabu ilikuwa rahisi: kutoka saa ya faili kuu hadi 2 Aprili ni siku tatu na saa chache, hadi 20 Machi ni zaidi ya siku tisa. Hifadhi ilichagua lililo karibu zaidi, yaani la Aprili, ikaijaza tarehe ya siku za mbele ndani ya ukurasa wa Machi. Ile 28 aliyoichapisha mtumishi wa taasisi ilikuwa imetoka siku tatu baada ya mwombaji kutuma maombi yake.

Nilipolifungua faili la 20 Machi peke yake, lilisema 31.

Naomba msomaji atambue kwamba hapakuwa na udanganyifu wa mtu yeyote hapa. Mtumishi yule alichapisha alichokiona kwa nia njema, na hifadhi ilifanya kazi yake kama ilivyoundwa. Internet Archive yenyewe, katika hati ya kiapo inayowapa wanaohitaji uthibitisho wa kumbukumbu zake kwa ajili ya mahakama, hutahadharisha kwamba tarehe iliyo kwenye anwani ni ya faili kuu, na kwamba picha zinazoonekana ndani ya ukurasa huenda hazikuhifadhiwa siku hiyo. Tahadhari hiyo ni ya kweli pia kwa mafaili ya data. Kwenye upau wa juu wa nakala kuna hata mahali pa kufungua taarifa za nakala hiyo, panapoonyesha kila kipengele kimepishana na ukurasa kwa muda gani. Ni wachache wanaopafungua, na mtu akichapisha nakala kwenye karatasi, sehemu hiyo hupotea. Karatasi ile iliyopelekwa kwa kamati haikuwa tena nakala ya hifadhi. Ilikuwa picha ya skrini ya nakala ya hifadhi, yenye udhaifu wa vyote viwili.

Hadi hapo, hifadhi ilithibitisha kwamba tarehe 20 Machi tangazo lilisema 31, na tarehe 2 Aprili lilisema 28. Kati yake kulikuwa na pengo la siku 13, na siku tuliyoibishania ilikuwa ndani ya pengo hilo. Picha ya skrini ndiyo peke yake iliyozungumzia siku yenyewe. Nilitafuta cha kulipunguza pengo, na nikakipata kwenye vichwa vya majibu. Seva inapotoa faili, hutanguliza mistari michache ya maelezo, na Wayback Machine huihifadhi na kuionyesha ikiwa na kiambishi cha mbele `x-archive-orig-`. Faili la tarehe lililochukuliwa 2 Aprili lilikuwa na mstari huu:

```
x-archive-orig-last-modified: Mon, 01 Apr 2024 06:12:40 GMT
```

Seva ya taasisi yenyewe ndiyo iliyotamka kwamba faili lile liliguswa mara ya mwisho Jumatatu, 1 Aprili, saa tatu na dakika 12 asubuhi kwa saa zao. Huo ulikuwa ushahidi kutoka kinywani mwa upande wa pili, uliotunzwa na mtu wa tatu. Hata hivyo sikuuandikia zaidi ya unachobeba. Mstari huo hueleza mara ya mwisho faili lilipoandikwa, hauelezi kilichoandikwa. Yawezekana tarehe ilibadilishwa 25 Machi, kisha 1 Aprili mtu akalipakia faili upya bila kubadilisha chochote. Mstari wenyewe haukatai hilo.

Taarifa niliyoiandikia kamati, basi, ilisema hivi kwa ufupi. Nakala ya hifadhi ya usiku wa kuamkia 30 Machi haithibitishi lolote kuhusu siku ya mwisho, kwa sababu tarehe inayoonekana ndani yake imetoka kwenye faili la 2 Aprili. Tarehe 20 Machi tangazo lilisema 31. Faili la tarehe liliandikwa upya mara ya mwisho 1 Aprili. Picha ya skrini ilikuwepo usiku wa 30 Machi, na yaliyomo ndani yake yanalingana na kumbukumbu zote tatu bila kupingwa na hata moja. Ikiwa taasisi inadai kwamba tarehe ilibadilishwa kati ya 20 na 30 Machi, ni yenye kumbukumbu za mabadiliko ya tovuti yake, na izilete.

Mjumbe mmoja aliniuliza kwa nini nisiseme tu kwamba picha imethibitishwa. Nilimjibu kwamba picha ya skrini huthibitishwa na mtu aliyeipiga, anayesimama na kusema niliiona, nikaipiga, saa hii, kwa simu hii. Kumbukumbu za hifadhi zinaweza kuufanya ushuhuda wake uaminike, haziwezi kushika nafasi yake. Mahakama nazo huchukua nakala za hifadhi kwa namna inayofanana na hiyo. Nchini Marekani, mwaka 2018 mahakama ya rufaa ya mzunguko wa pili ilizikubali nakala za Wayback Machine baada ya mfanyakazi wa Internet Archive kutoa ushahidi wa jinsi zinavyochukuliwa na kutunzwa. Mwaka 2022 ile ya mzunguko wa tano ilikataa nakala isiyo na shahidi wala kiapo, ikisema haijithibitishi yenyewe. Anayedhani kwamba kiungo cha hifadhi hakihitaji mtu wa kukieleza atakuja kukwama.

Upo pia upungufu mwingine wa hifadhi ambao katika kisa hiki haukutuathiri, lakini nilitakiwa kuuondoa kwanza. Roboti ya hifadhi huuomba ukurasa ikiwa kwenye mtandao wake, bila akaunti. Tovuti inayotoa maneno tofauti kwa aliyeingia kwa nywila, kwa lugha ya kivinjari au kwa nchi anayotoka msomaji, huipa hifadhi ukurasa mmoja na mtumiaji ukurasa mwingine, na wote wawili huwa wakweli. Tangazo letu lilikuwa la wazi kwa wote, na nililifungua kwa njia mbalimbali bila kuona tofauti. Lingekuwa ndani ya akaunti ya mwombaji, hifadhi isingekuwa na la kusema, na picha ya skrini ingebaki peke yake.

Mwombaji aliniuliza angefanya nini usiku ule ili asifike hapa. Nilimwambia kwamba picha yake ilikuwa hatua nzuri iliyokosa nusu yake ya pili. Angefungua sehemu ya Save Page Now ya Wayback Machine na kuuhifadhi ukurasa dakika ileile, kisha aifungue nakala iliyohifadhiwa na kuhakikisha kwamba 31 inaonekana humo na kwamba vipengele vyake havikupishana na ukurasa kwa zaidi ya dakika chache. Angepiga picha inayoonyesha anwani kamili, kisha asiifute wala kuikata, na asiitume kwa programu ya ujumbe bali kama faili lililoambatishwa kwenye barua pepe, ili seva ya barua iweke saa yake. Na asingetegemea hifadhi moja tu: Oktoba 2024 Internet Archive ilishambuliwa na huduma zake zikasimama kwa siku kadhaa, na hata siku za kawaida mwenye tovuti anaweza kuomba kurasa zake zisionyeshwe tena. Nakala ya pili kwenye huduma kama archive.today au Perma.cc haichukui dakika tatu.

Taasisi ilipoisoma taarifa, ilimwita fundi wake wa tovuti, naye akaleta kumbukumbu za mabadiliko. Zilionyesha kwamba tangazo la awali lilikuwa na tarehe 31, kwamba uamuzi wa kufunga 28 ulifanywa ndani ya ofisi katikati ya Machi, na kwamba aliyetakiwa kuurekebisha ukurasa aliurekebisha asubuhi ya 1 Aprili. Maombi yalifunguliwa na kusomwa pamoja na mengine matatu yaliyokuwa yameingia kati ya 29 na 31 Machi, ambayo wenyewe hawakuwa wamepiga picha yoyote.